Dira Haishtuki, Lakini Kitu Kinazunguka

Chukua bomba la plastiki, ulizungushie waya wa shaba kwa mizunguko iliyobanana, kisha upitishe umeme. Hiyo ndiyo solenoidi. Ikiwa ndefu sana kuliko unene wake, uga wa sumaku hujifungia ndani. Weka dira ubavuni mwake, mbali na ncha ambako uga huvuja, nayo itaendelea kuelekea kaskazini kana kwamba umeme haujawashwa.

Hata hivyo wanafizikia husema huko nje kuna potenshali vekta, iandikwayo A: mishale inayoizunguka koili kwa kufuata mkondo. Kanuni yake ni hii: ukiizunguka koili mara moja huku ukijumlisha A njia nzima, unapata fluksi yote ya sumaku iliyomo ndani ya duara lako. Duara likiwa nje ya koili, fluksi ile ingali katikati yake. Basi A haiwezi kuwa sifuri.

Tuseme koili ina nusu kipenyo cha sentimita 1, mizunguko 1,000 kwa kila mita, na mkondo wa ampea 2. Ndani kuna uga wa militesla 2.5 hivi. Sentimita 2 kutoka katikati, A ina thamani fulani. Sentimita 4, ni nusu yake. Njia imerefuka mara mbili, mshale umefupika mara mbili, jumla ni ileile.

Lakini uga wa sumaku si ndiyo mzunguko wa A? Ndiyo, ila ni mzunguko wa papo hapo, si wa safari nzima. Tazama maji yanapozunguka tundu la sinki. Funga njiti mbili za kiberiti msalaba, uzieleze mbali kidogo na tundu. Zitalizunguka, lakini zenyewe karibu hazijizungushi: kupinda kwa njia kunazigeuza upande mmoja, na maji ya upande wa tundu, yaliyo na kasi zaidi, yanazigeuza upande wa pili. Nje ya koili mivuto hiyo miwili inafutana kabisa. Kwa hiyo uga ni sifuri.

Je, A ni hesabu tu? Funga waya mwingine kuizunguka koili, kwa mbali, mara 100, kisha uzime mkondo taratibu ndani ya elfu moja ya sekunde. Waya huo, ambao haukuguswa na sumaku, utatoa takriban milivolti 79. A inapopungua, huzaa msukumo wa umeme palepale ilipo.

Na mkondo usipobadilika? Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm walitabiri kwamba hata hapo elektroni zinazopita pande mbili za koili zingehitilafiana katika mawimbi yao. Mwaka 1986 Akira Tonomura na wenzake, nchini Japani, walifungia sumaku ya umbo la pete ndani ya niobi iliyopoozwa hadi kuzuia uga usivuje. Mistari ya elektroni zilizopita katikati ya pete ilisogea nusu hatua dhidi ya ile ya zilizopita nje.