Anayengoja na Anayebisha Hodi

Barua nyingi za kwetu hazifiki nyumbani. Bahasha huandikwa jina, S.L.P. na mji, ikafika posta, na karani akaitia katika sanduku lenye namba ile. Mji peke yake hautoshi, kwa sababu posta moja ina masanduku maelfu. Namba peke yake haitoshi vilevile, kwa kuwa sanduku namba 40 lipo karibu kila mji. Ni hadi viwili hivyo viandikwe pamoja ndipo barua ipate mwenyewe.

Ujumbe unaosafiri kwenye intaneti hupangwa kwa njia hiyo hiyo. Hukatwakatwa kuwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya IP, ambayo kazi yake ni kuifikisha kwenye kompyuta inayotakiwa. Lakini ndani ya kompyuta hiyo moja kivinjari kimefunguliwa, barua pepe zinaingia, na programu nyingine inajisasisha bila mwenyewe kujua. Pakiti iliyofika ni ya nani kati ya hao? Jibu limo katika namba ya pili ambayo pakiti huja nayo, nayo huitwa poti.

Mafundi hutumia neno hilo hilo kwa tundu linaloingizwa waya nyuma ya kompyuta, na hapo wengi huchanganyikiwa. Poti ninayoizungumzia haionekani wala haishikiki. Ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, kwa sababu nafasi iliyotengwa kwa ajili yake ndani ya pakiti ni biti 16. Anwani ikiunganishwa na poti, kama mji na S.L.P., hupatikana soketi. Ndivyo neno hilo lilivyoelezwa katika waraka wa mwaka 1981 uliopanga kanuni za TCP. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipotoa mfumo endeshi wa 4.2BSD, soketi ikawa pia kitu ambacho programu hukifungua, huandika ndani yake na kusoma kutoka humo, karibu kama faili. Waandishi wa programu wanaishi na maana hiyo ya pili hadi leo.

Baadhi ya poti zina wenyewe wanaojulikana dunia nzima. Kurasa za wavuti zilizofungwa kwa siri husubiriwa kwenye 443. Seva za barua pepe hupokeana kwenye 25. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alipobuni SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, aliomba namba 22 kwa waliokuwa wakigawa poti, akapewa. Ilikuwa wazi katikati ya 21 na 23, namba za programu mbili za zamani alizotaka kuzirithi.

Sasa tufuatilie mazungumzo halisi. Mwanafunzi yuko nyumbani na laptopu yake, na anwani yake ni 192.168.1.20. Anafungua ukurasa wa matokeo ya mtihani kwa kivinjari kimoja, na dada yake anafungua ukurasa ule ule, kwenye laptopu hiyo hiyo, kwa kivinjari kingine. Seva ya matokeo tuipe anwani 203.0.113.10. Vivinjari hivyo havihitaji poti inayojulikana, kwa kuwa hakuna anayevitafuta; vyenyewe ndivyo vinavyobisha hodi. Kwa hiyo mfumo endeshi huchota namba za muda zilizo huru na kumpa kila mmoja yake. Ukitazama orodha ya mazungumzo yaliyo wazi, utaona hivi:

```
192.168.1.20:51514   203.0.113.10:443
192.168.1.20:51515   203.0.113.10:443
```

Laptopu ni moja, seva ni moja, poti ya seva ni moja. Kinachotofautiana ni tarakimu moja ya mwisho upande wa kushoto, na hiyo yatosha. Mazungumzo ya TCP hutambuliwa kwa namba nne zikiwa pamoja: anwani na poti ya huku, anwani na poti ya kule. Ikibadilika hata moja, hayo ni mazungumzo mengine, na jibu la dada haliwezi kuangukia kwa kaka.

Nimesikia watu wenye elimu yao wakidai kwamba seva haiwezi kuhudumia zaidi ya watu 65535 kwa sababu poti zinakwisha, au kwamba kila mteja akifika huhamishiwa poti nyingine ili 443 ibaki wazi. Yote mawili si kweli. Programu ya seva huishika poti yake, ikaanza kusikiliza, kisha ikawa inapokea wageni mmoja mmoja. Kila mgeni anapopokelewa hufunguliwa soketi mpya kwa ajili yake, ila namba ya poti upande wa seva hubaki 443 kwa wote. Wageni hutofautishwa kwa anwani na poti walizotoka nazo. Anayeweza kuishiwa namba ni mteja: kompyuta ya Linux isiyobadilishwa mipangilio huchota poti za muda kati ya 32768 na 60999, yaani namba 28,232, na hizo ndizo inazoweza kutumia kwa wakati mmoja kuelekea poti moja ya seva moja.

Maarifa haya yaliwahi kuniokolea siku nzima ya kazi. Ofisi moja ilikuwa na programu ya kuhesabu bidhaa za stoo kwenye kompyuta ya mhasibu, na wenzake waliifungua kwa kuandika 192.168.1.5:8000. Asubuhi moja haikufunguka kwa yeyote isipokuwa mhasibu mwenyewe. Waliniambia mtandao umekatika. Nikaipigia kompyuta ile amri ya `ping`, ikajibu, basi mtandao ulikuwa mzima. Kilichonipa mwanga ni ujumbe uliotokea papo hapo kwenye skrini za wenzake: `Connection refused`. Maana yake pakiti imefika, kompyuta ipo hai, ila kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. Ungekuwa `Connection timed out`, tena baada ya kungoja kwa muda, ningeshuku kompyuta imezimwa au ukuta moto unazimeza pakiti bila kujibu. Watu huyasoma maneno hayo mawili kana kwamba ni mamoja, na hapo ndipo saa zinapotea.

Kwenye kompyuta ya mhasibu niliandika `ss -ltn`, amri inayoorodhesha poti zinazosikilizwa. Badala ya `0.0.0.0:8000` palikuwa na `127.0.0.1:8000`. Programu ilikuwa imesasishwa usiku, na mipangilio yake ikarudi ya mwanzo. Anwani 127.0.0.1 ni ya kompyuta kujisemesha yenyewe, kwa hiyo programu ilikuwa ikimsikiliza aliye ndani ya nyumba tu. Mstari mmoja ulibadilishwa, kazi ikaendelea.

Mifano hii yote ni ya mteja na seva: mmoja hukaa mahali panapojulikana akingoja, mwingine huja kubisha hodi. Watu hudhani seva ni mashine kubwa yenye kelele kwenye chumba chenye kiyoyozi. La, kompyuta ya mhasibu ilikuwa seva kamili, na kilichoifanya seva ni kungoja kwenye poti.

Katika mfumo wa wenza, kila kompyuta hungoja na kila moja hubisha. Bittorrent, aliyoitoa Bram Cohen mwaka 2001, ni mfano unaoeleweka upesi. Chukua video ya megabaiti 700 inayotakiwa na watu 100. Seva ingelazimika kuituma mara 100, yaani gigabaiti 70, na wote wangegawana kasi ya mlango wake mmoja. Katika Bittorrent faili hukatwa vipande, na aliyepata kipande cha tano humpa asiyekuwa nacho huku naye akichukua cha tisa kwa mwingine. Mwenye faili wa kwanza anaweza kutuma kiasi kinachozidi kidogo nakala moja, na faili ikawafikia wote. Kila kipande kina alama yake ya uhakiki iliyoandikwa tangu mwanzo, hivyo kipande kilichoharibika au kilichochezewa na mtu usiyemjua hugunduliwa na kutupwa.

Lakini wenza lazima kwanza wajuane, na mara nyingi anayewajulisha ni seva. Napster ya mwaka 1999 ilisafirisha nyimbo moja kwa moja kati ya watu, ila orodha ya nani ana wimbo gani ilikuwa kwenye seva za kampuni. Mahakama ilipoibana kampuni, huduma nzima ilizimwa mwaka 2001, ingawa nyimbo zilikuwa bado kwenye kompyuta za watu.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo sebuleni kwako. Ile anwani 192.168.1.20 haijulikani nje; maelfu ya nyumba zina anwani hiyo hiyo. Pakiti inapotoka, ruta huifuta, huandika anwani yake ya nje na poti moja, kisha hukumbuka kwenye jedwali kwamba jibu likirudi kwenye poti hiyo ni la laptopu. Mteja wa seva hasumbuki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Ila ndugu wawili, mmoja Mwanza na mwingine Mombasa, wakitaka kompyuta zao zizungumze moja kwa moja, hodi ya yeyote itaikuta ruta ya mwenzake haina kumbukumbu yake, na itatupwa.

Dawa inayotumiwa na programu nyingi za kupiga simu kwenye intaneti ni hii. Wote wawili huiandikia kwanza seva iliyo hadharani, nayo humwambia kila mmoja anwani na poti ya mwenzake kama zinavyoonekana nje. Kisha wote hutumiana pakiti kwa wakati mmoja. Pakiti ya Mwanza ikitoka, ruta ya Mwanza huweka kumbukumbu, na ile ya Mombasa ikifika huonekana kama jibu lililokuwa likingojewa. Vivyo hivyo upande wa pili. Baadhi ya ruta, hata hivyo, hutoa poti tofauti kwa kila anayeandikiwa, kwa hiyo poti iliyoonwa na seva si ile atakayoiona ndugu. Hapo hila hushindwa, na sauti zao hulazimika kupitia seva ya katikati mwanzo hadi mwisho.

Hali ni ngumu zaidi pale kampuni ya simu inapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kwa hiyo ukitaka kamera ya dukani uione ukiwa safarini, na fundi akakuambia atakufungulia poti kwenye ruta kwa malipo, mwombe kwanza akuonyeshe anwani ya nje iliyoandikwa ndani ya ruta hiyo. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, nje yako kuna ruta nyingine ya kampuni ambayo fundi hana funguo zake. Usimlipe, poti atakayoifungua haitafikiwa na mtu.