Laki na Themanini kwa Saa Ngapi?

Prodyuza wa filamu fupi jijini Dar es Salaam anampigia simu mrekodi sauti na kumuuliza anachukua kiasi gani kwa siku. Wanavutana kidogo, wanakubaliana shilingi 180,000, simu inakatwa. Kila mmoja anaamini kwamba bei imepatikana. Kwa kweli haijapatikana, kwa sababu hakuna aliyesema siku hiyo ina saa ngapi, inaanzia wapi na inaishia wapi. Memo ya makubaliano, yaani ule ukurasa mmoja unaopaswa kumfikia kila mtu wa nyuma ya kamera kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, hutaja malipo ya siku, saa za kazi, chakula, ovataimu na namna jina la mtu litakavyoandikwa kwenye filamu. Wengi huianza kwa malipo na kuishia hapo hapo. Mimi nashikilia kwamba kifungu cha saa ndicho kinachobeba vingine vyote, na kwamba prodyuza mwenye bajeti ndogo anakihitaji zaidi kuliko hata huyo anayelipwa.

Tuchukue siku moja ya kawaida. Lokesheni iko Bagamoyo, na gari la timu linaondoka Mwenge saa 11 alfajiri. Kazi inaanza rasmi saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, kisha watu wanarudishwa Mwenge saa 3:30 usiku. Kama memo ilisema kwamba siku ni saa 10 kwenye lokesheni, ikiwemo saa moja ya chakula isiyolipwa, basi shilingi 180,000 zilinunua saa 9 za kazi, na kila saa ina thamani ya shilingi 20,000. Kama memo haikusema kitu, fedha zile zile zimegawanywa kwa muda wote kuanzia Mwenge hadi Mwenge. Ukitoa saa ya chakula zinabaki saa 15 na nusu, na thamani ya saa imeshuka hadi takribani shilingi 11,600. Bei iliyotajwa kwenye simu haijabadilika hata senti, lakini mrekodi sauti amepunguziwa zaidi ya theluthi moja bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa memo unaostahili kufikiriwa kwa makini ni ule unaosema saa inaanza kuhesabiwa wapi. Kwa kazi za ndani ya jiji inatosha kusema inaanza mtu anapotakiwa awepo kwenye lokesheni. Kwa kazi za nje ya jiji, ama saa ianze pale gari linapoondoka, ama safari ilipwe posho yake iliyotajwa kwa tarakimu. Njia zote mbili ni halali. Kisichofaa ni kukaa kimya.

Mwisho wa siku nao huzua mizozo kama mwanzo wake. Mwongozaji akisema tumemaliza, mwigizaji anaenda kubadilisha nguo, lakini mtu wa taa bado ana nyaya za kukunja na stendi za kushusha, na huenda akatumia dakika 45 zaidi. Memo yake iseme kwamba siku inaisha vifaa vinapokuwa vimefungwa na kupakiwa. Na saa zenyewe ziandikwe kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Kwa timu yenye Mtanzania anayehesabu kuanzia alfajiri na mpiga picha mgeni anayehesabu kuanzia usiku wa manane, «saa 12» peke yake ni ajali inayosubiri kutokea. Andika «saa 12:00 asubuhi (06:00)» na jambo limekwisha.

Baada ya saa kukaa sawa, ovataimu inakuwa hesabu ya darasa la nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida, tena kwa makubaliano, na hairuhusu siku kuvuka saa 12 ukijumlisha na ziada. Saa kati ya 2 usiku na 12 asubuhi zina nyongeza yake ya asilimia 5. Kwa mrekodi sauti wetu, saa 10 kwenye lokesheni zinaisha saa 11 jioni. Kutoka hapo hadi saa 2 usiku ni saa 3 za ziada kwa shilingi 30,000 kila moja. Siku hiyo analipwa shilingi 270,000, naye tayari amefika kwenye ukomo wa saa 12. Hesabu hii inahusu kazi ya mikono na masikio yake tu. Kama amekuja na rekoda na maiki zake mwenyewe, kodi ya vifaa iandikwe kwenye mstari wake, kwa sababu ikichanganywa na malipo ya siku hakuna atakayejua saa moja ya ziada inazidishwa kutoka wapi. Pia iandikwe kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kukatwa kodi ya zuio.

Hapa ndipo prodyuza anapopinga, na pingamizi lake si la kupuuzwa. Anasema: fedha yangu ni ndogo, nimekusanya kwa ndugu na marafiki, nikiahidi ovataimu filamu haitapigwa kabisa. Lakini tazama anachokosa anapokubali malipo ya jumla yasiyo na saa. Tuseme ana watu 6, na wastani wa saa yao moja ni shilingi 15,000. Saa 3 za ziada zitamgharimu shilingi 405,000. Siku nyingine nzima ya kupiga picha ingemgharimu shilingi 810,000 za watu hao peke yao, kabla hajalipia gari, chakula na eneo. Akiwa na namba hizi mbili mkononi saa 10 alasiri, anaweza kukaa na mwongozaji wakaamua: tunalipia ziada, tunarudi kesho, au tunaunganisha onyesho la sokoni na la barazani tumalize kwenye mwanga uliobaki. Bila namba hizo, jioni inaonekana kuwa ya bure, na kitu cha bure hakimlazimishi mtu kuchagua. Mwongozaji ataongeza picha moja, kisha nyingine, na gharama italipwa kwa namna isiyoonekana kwenye vitabu: fokasi inayopotea saa 1 usiku, sauti iliyorekodiwa na mtu aliyechoka, na fundi taa ambaye mara ijayo hatapokea simu.

Kwa hiyo asiyekuwa na fedha apunguze kiwango, asifute saa. Mtu anaweza kukubali shilingi 100,000 badala ya 180,000 kwa sababu anaipenda hadithi, na huo ni uamuzi wake akiwa anajua anachotoa. Kukubali 180,000 kwa saa zisizojulikana ni kutoa kitu ambacho hajakipima. Memo imtaje pia mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha ovataimu, iseme kwamba muda unahesabiwa kwa vipande vya nusu saa, na kwamba kila jioni saa za kuanza, kula na kumaliza zinaandikwa kwenye karatasi moja inayosainiwa na pande mbili. Karatasi hiyo ya jioni inapuuzwa sana, nami naiona kuwa nusu ya memo yenyewe. Mizozo mingi ya malipo haihusu kiwango. Inahusu siku ambayo hakuna anayekumbuka iliisha saa ngapi.

Wapo wanaosema sheria ya kazi haiwahusu watu wa filamu, kwa kuwa wao ni wataalamu huru wa siku mbili tatu, si waajiriwa. Hoja hiyo haina uhakika kama wanavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, pale namna anavyofanya kazi au saa zake zinapokuwa chini ya uelekezi wa mwingine, haidhuru mkataba umeitwaje. Msaidizi wa kamera anayeambiwa afike saa 1 asubuhi na asimame hapa, si pale, atakuwa na la kusema mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na hata kama mpiga picha mwenye kampuni yake na vifaa vyake atahesabiwa kuwa mkandarasi, viwango vya sheria bado vinafaa kuwa msingi wa kuanzia mazungumzo: ni afadhali kuliko kubuni upya kila mara. Hilo linahusu pia mapumziko. Sheria inataka saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Kwa safari ya Bagamoyo, memo nzuri itazihesabu kutoka gari linapofika Mwenge, hivyo aliyeshushwa saa 3:30 usiku asiitwe tena kabla ya saa 3:30 asubuhi.

Chakula kinaonekana jambo dogo mpaka saa 9 alasiri ifike watu hawajala. Kanuni ni nyepesi: baada ya saa 5 za kazi mfululizo, mapumziko yasiyopungua dakika 60. Aliyeanza saa 1 asubuhi ale saa 6 mchana. Saa hiyo si lazima ilipwe, ila kama mtu anatakiwa kuendelea kufanya kazi au kuwa tayari, inalipwa. Msaidizi anayekula wali huku amekaa karibu na kamera kwa kuwa hakuna mlinzi, huyo yuko kazini, na memo iseme hivyo. Siku ikivuka saa 5 nyingine, mlo wa pili uwepo. Katika Ramadhani ratiba ipinduliwe kwa wanaofunga: saa yao ya mapumziko ihamie magharibi, na tende na maji viwe vimefika lokesheni kabla ya adhana, si gari liwe bado linavitafuta.

Jina kwenye filamu ndilo jambo pekee lisilomgharimu prodyuza fedha, na labda ndiyo maana huandikwa kwa uzembe. «Atatajwa mwishoni» haitoshi. Memo iandike jina kwa herufi zile zile zitakazosomwa kwenye skrini, cheo kamili, kama ni Mrekodi Sauti au Msaidizi wa Sauti, na kama mtu atakuwa peke yake au kwenye orodha. Iseme kwamba jina litabaki kwenye nakala zote zinazotolewa na prodyuza, ikiwemo ile ya YouTube, na kwamba likikosewa litarekebishwa kwenye nakala za mtandaoni ndani ya siku 14. Prodyuza naye ana haki ya kuomba kosa la jina lisizuie filamu kuonyeshwa. Aliyeondoka katikati ya kazi na kuachiwa mwenzake afikiriwe mapema, maana wakati wa uhariri hakuna anayekumbuka nani alirekodi siku ya kwanza. Na jina lisiwekwe mahali pa malipo. Likiwa malipo pekee, hakuna ovataimu inayoweza kuhesabiwa kutoka humo.

Wanaohofia kwamba karatasi itaharibu urafiki wanaweza kutuma memo kama ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia hiyo, kwa hiyo faili lililotumwa kwa WhatsApp na kujibiwa «nimesoma, nakubali», pamoja na jina na tarehe, lina uzito. Litumwe angalau siku mbili kabla, wakati mtu bado anaweza kukataa. Memo inayotolewa mlangoni mwa gari saa 11 alfajiri, watu wameshapakia vifaa, imesainiwa na mtu asiye na nafasi ya kujadili, na saa 11 jioni ya siku hiyo hiyo ndipo mjadala wenyewe utakapoanza.