Kiti cha Kupanga au Mshahara: Hesabu ya Msusi wa Karavia

"Yaya, nipange kiti ao nibakie ku mushahara?" Swali hili huulizwa na wasusi wengi wa Lubumbashi mara tu mikono yao inapoanza kujulikana. Upande wa Karavia, karibu na ziwa na uwanja wa golfu, lina uzito wa pekee. Nyumba za biashara huko hulipiwa kwa dola, na mwenye salo huugawa mzigo huo kwa viti vyake. Msusi anayepanga kiti hununua nafasi mbele ya kioo, pamoja na sehemu ya mzigo wa mwenye salo.

Tuchukue mfano wa msusi mmoja na tumfuate kwa hesabu. Bei ninazotumia ni za mfano. Msomaji aweke zake mahali pake.

Akiwa mwajiriwa, mshahara wake ni dola 200 kwa mwezi. Mwajiri anayefuata sheria hukata asilimia 5, yaani dola 10, na kuzipeleka CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Yeye mwenyewe huongeza asilimia 13, yaani dola 26, kwa ajili ya uzee, watoto na ajali za kazini. Kabla ya kodi ya mshahara, msusi anabaki na dola 190 mkononi, lakini thamani ya kazi yake ni dola 226. Wengi husahau zile 26 kwa sababu hawajawahi kuzishika.

Sasa apange kiti kwa dola 120 kwa mwezi. Kila kichwa anatoza wastani wa dola 8, na dola 2 zinakwenda kwenye shampuu, krimu na uzi. Zinabaki 6. Aweke pia dola 12 kila mwezi kwa ajili ya sheshwari, pasi ya nywele na vitana, maana vyombo huharibika na hakuna patroni wa kuvinunua upya. Kiti na vyombo ni dola 132, sawa na vichwa 22. Hadi kichwa cha 22 anafanyia kazi kiti na vyombo. Senti yake ya kwanza inaanzia kichwa cha 23. Ili afikie zile 226 za mwajiriwa anahitaji vichwa vingine 38. Jumla ni 60 kwa mwezi, zaidi kidogo ya viwili kwa kila siku ya kazi.

Viwili kwa siku vinaonekana vichache, mpaka tutazame saa. Kuosha na kukausha kunamalizika haraka. Tresi ndogo zinaweza kuchukua saa tano au zaidi. Vichwa 60 vya saa tano ni saa 300, wakati wiki ya kazi ya saa 45, ambayo ndiyo kikomo cha sheria, inatoa takriban saa 195 kwa mwezi. Kwa hiyo msusi wa tresi asiige bei ya msusi wa kukausha. Apime kila kazi kwa saa: inaniachia kiasi gani baada ya vifaa, na imekula saa ngapi? Asipofanya hivyo, atakuwa na kiti kilichojaa kutwa na mkoba usiojaa.

Jambo la pili ni mwezi. Desemba kuna sikukuu na harusi, na msusi wetu anaweza kupata vichwa 90: dola 540, atoe 132, abaki na 408. Anajiona amepata mara mbili ya mshahara. Januari fedha za watu zimekwisha, karo inadaiwa, mvua inanyesha, na vichwa vinashuka hadi 35: dola 210, atoe 132, abaki na 78. Ukizijumlisha na kuzigawa kwa miezi miwili unapata 243, zaidi ya zile 226 kwa dola 17 tu. Anayepanga kiti hana budi kuichukulia Desemba kuwa mshahara wa miezi miwili, na kuizika sehemu ya fedha yake kwenye likelemba au benki kabla haijaonja soko.

La tatu ni sarafu. Pango linahesabiwa kwa dola, lakini wateja wengi hulipa kwa franga. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000; mwishoni mwa 2024 ilikaribia 2,800. Kiti cha dola 120 kilipanda kutoka franga 240,000 hadi 336,000 bila mwenye salo kuongeza hata senti. Ikiwa bei ya kusuka imebandikwa ukutani kwa franga na haiguswi mwaka mzima, tofauti hiyo anaibeba msusi peke yake.

Kuna pia usalama ambao daftari la mapato haliuonyeshi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mwanamke mwajiriwa wiki 14 za kujifungua kwa theluthi mbili ya mshahara. Mwajiri akitaka kumwondoa bila kosa, anadaiwa notisi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumika. Baada ya miaka mitatu ni siku 35. Aliyepanga kiti akijifungua, pango linaendelea kukimbia.

Hapa ndipo palipo mtego mkubwa. Wapo wenye salo wanaodai pango la kiti, kisha wanapanga saa ya kuingia, wanaamua bei, wanamgawia msusi wateja na kumkataza kutoka. Sheria hiyo inautambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo, pale mtu anapofanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine kwa malipo. Anayeamriwa hivyo ana hoja ya kupeleka kwa mkaguzi wa kazi. Kipimo ni rahisi: jaribu kupanga bei yako na siku yako ya kupumzika. Ukikatazwa, unalipa pango na bado unaye patroni.

Basi kabla ya kuhama, beba daftari kwa miezi mitatu. Kila mteja akikaa, andika kama amekuja kwa kukutaja jina au ameingia tu kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Wa kwanza watakufuata. Wa pili ni mali ya mlango. Hesabu vichwa vyako kwa wale wa kwanza peke yao.

Ukiona vinatosha, andikiana na mwenye salo: kiasi, sarafu, tarehe ya kulipa, notisi ya kuondoka, nani ana ufunguo. Usiliache jenereta. Umeme ukikatika siku tatu, kaske na sheshwari vimelala lakini pango halilali, kwa hiyo iandikwe mafuta yananunuliwa na nani na siku za giza zinapunguzwa vipi.

Hukumu yangu ni hii. Msusi ambaye wateja wanaomtaja kwa jina hawajafikia idadi yake ya chini, 60 katika mfano wetu, abaki kwenye mshahara, na adai karatasi za CNSS. Aliyeipita idadi hiyo hata katika Januari, na ana akiba ya pango la miezi miwili, apange kiti. Desemba isimshauri mtu. Januari ndiyo mwezi wa kuamua.