Kesi Hii Imetajwa kwa Hoja Gani?

Mtu aliyechelewa kukata rufaa Tanzania hana budi kuiomba mahakama imwongezee muda. Katika Mahakama ya Rufani ombi hilo huletwa chini ya kanuni ya 10 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, na mwombaji anatakiwa aonyeshe sababu ya msingi. Kiapo chake hueleza yaliyomkuta hadi muda ukampita. Hoja za maandishi za wakili wake hueleza kwa nini yaliyomkuta yanatosha kisheria, na hapo ndipo kesi zilizoamuliwa zamani huanza kumiminika, nyingine zikitajwa kwa jina kamili na nyingine kwa neno moja tu.

Upande wa pili nao huleta hoja zake, na mara nyingi hutaja kesi zile zile. Jaji, msaidizi wake, au wakili anayeandaa majibu hubaki na mafaili mawili yenye majina yanayofanana na asijue nani anamtumia nani kwa lipi. Dawa yake ni jedwali la rejea: orodha ya kila sheria na kila kesi iliyotajwa, imetajwa aya ya ngapi, na imetajwa kuthibitisha jambo gani.

Jedwali hili lisichanganywe na orodha ya rejea ambayo wakili huiwasilisha mahakamani kabla ya siku ya kusikilizwa. Orodha ile inamwambia jaji ni kesi zipi zitasomwa. Haimwambii kila kesi inabeba mzigo gani, na kazi kubwa iko kwenye swali hilo.

Tuchukue mfano. Hoja zifuatazo ni za kubuni, ila kesi zinazotajwa ndani yake ni za kweli, na wakili yeyote anayeshughulika na maombi ya nyongeza ya muda anazifahamu:

"7. Mwombaji ameeleza kila siku aliyochelewa kama inavyotakiwa. Tazama Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, Maombi ya Madai Na. 3 ya 2007, na Lyamuya Construction dhidi ya Wadhamini wa YWCA, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010.

8. Isitoshe, hukumu inayolalamikiwa ilitolewa bila mwombaji kusikilizwa. Ukiukwaji huo wa sheria peke yake unatosha: Valambhia [1992] TLR 185.

9. Mjibu maombi ataegemea kesi ya Lyamuya iliyotajwa hapo juu na kudai kwamba ukiukwaji lazima uonekane wazi kwenye kumbukumbu. Hapa unaonekana. Sehemu ya kwanza ya ucheleweshaji nayo ilikuwa ya kiufundi tu, kama katika Fortunatus Masha."

Msomaji wa haraka atahesabu kesi nne na kuandika mistari minne. Akifanya hivyo amekosea, kwa sababu Lyamuya inafanya kazi mbili tofauti. Katika aya ya 7 ni silaha ya mwombaji. Katika aya ya 9 ni silaha ya mpinzani ambayo mwombaji anajaribu kuikinga mapema. Ukiziunganisha sehemu hizo katika mstari mmoja, jaji ataona kwamba mwombaji anaitegemea Lyamuya, na hataona kwamba pia anaiogopa.

Kazi yenyewe huanza kwa kusoma hoja zote mara moja bila kuandika kitu, ili ujue mwombaji anataka nini na anapitia njia ngapi kukifikia. Katika mfano wetu njia ni tatu: siku zimeelezwa, kuna ukiukwaji wa sheria, na sehemu ya ucheleweshaji ni ya kiufundi. Baada ya hapo soma tena ukiwa na kalamu, na kila unapokutana na rejea ipigie mstari na uandike namba ya aya. Usiruke kinachoonekana kujirudia. Maneno kama "kesi iliyotajwa hapo juu," "uamuzi huo huo," au jina fupi lililoachwa peke yake ni rejea kamili kwa kazi hii.

Hoja zikiwa kwenye kompyuta, kisanduku cha kutafuta husaidia kukamata zilizokuponyoka. Tafuta "dhidi ya", "vs", "TLR", "[19", "[20", "Na.", "kifungu", "kanuni" na "Sura". Kompyuta haitakuonyesha "uamuzi huo huo," kwa hiyo usianze na utafutaji. Anza na macho, kisha tumia kompyuta kujihakiki.

Hatua inayofuata ni kuipa kila kesi utambulisho kamili, na hapa ndipo makosa mengi hujificha. Lyamuya ni maombi namba 2 ya mwaka 2010, lakini uamuzi ulitolewa Oktoba 2011. Ndiyo maana kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu husomwa bila malipo, imeandikwa [2011] TZCA 4. Anayeandaa jedwali bila kuufungua uamuzi anaweza kudhani hizo ni kesi mbili, au akaandika kwamba iliamuliwa 2010.

Valambhia ina mtego mwingine. Shauri la Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi dhidi ya Devram Valambhia utalikuta katika hoja za mawakili likitajwa kwa [1992] TLR 185, na pengine kwa [1992] TLR 387. Wadaawa ni wale wale na kitabu ni kile kile cha taarifa za kesi, lakini kurasa ni tofauti. Usichague moja kwa kubahatisha. Fungua kitabu, tafuta maneno ambayo wakili anayategemea, kisha andika ukurasa ulikoyakuta.

Sheria zilizotungwa na Bunge nazo zinataka uangalifu wa namna hiyo. "Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo" hakijakamilika mpaka useme ni Sura ya 89 na ni marejeo ya mwaka gani, kwa kuwa sheria zinapofanyiwa marejeo namba za vifungu zinaweza kusogea.

Sasa tunafika kwenye safu inayolibeba jedwali zima. Wasiozoea huandika "nyongeza ya muda" kwenye kila mstari. Hilo ni kweli kwa kesi zote na halimsaidii mtu yeyote, maana maombi yenyewe ni ya nyongeza ya muda. Wengine huandika muhtasari wa kesi: nani alimshtaki nani, na nani akashinda. Huo nao haujajibu swali. Kinachotakiwa ni sentensi moja inayosema wakili anaitumia kesi kuthibitisha nini, mahali hapo, kwa maneno ambayo wakili mwenyewe angeyakubali. Ukiona anakosea, usimrekebishe ndani ya safu hiyo. Maoni yako yana safu yake, inayoitwa uhakiki.

Jedwali la aya zetu tatu litakuwa hivi:

| Rejea | Aya | Imetajwa kwa hoja gani | Uhakiki |
|---|---|---|---|
| Bushiri Hassan, Maombi Na. 3 ya 2007 | 7 | Kila siku ya kuchelewa lazima itolewe maelezo | Inasema hivyo, hata kwa siku moja. Linganisha na tarehe za kiapo |
| Fortunatus Masha [1997] TLR 154 | 9 | Ucheleweshaji wa kiufundi hauhesabiwi kama kuchelewa halisi | Wakili hakuandika mwaka wala ukurasa, vimeongezwa |
| Lyamuya [2011] TZCA 4 | 7 | Muda wote wa kuchelewa umeelezwa | Ni mwongozo wa kwanza kati ya minne. Mitatu haikuguswa katika aya hii |
| Lyamuya [2011] TZCA 4 | 9 | Kujikinga: sharti la ukiukwaji kuonekana wazi limetimizwa | Sharti limo kweli katika uamuzi |
| Valambhia [1992] TLR 185 | 8 | Ukiukwaji wa sheria peke yake ni sababu ya kutosha | Isomwe pamoja na Lyamuya |

Tazama mstari wa mwisho. Kesi ya Valambhia ilikubali kwamba pale hoja inapohusu uharamu wa uamuzi unaopingwa, hilo lina uzito wa kutosha kuwa sababu ya kuongeza muda. Wakili ameieleza sawasawa. Lakini Jaji Massati, aliyeamua Lyamuya akiwa peke yake, alieleza kwamba Valambhia haikukusudia kumpa muda kila anayedai kuna hoja ya kisheria. Hoja hiyo lazima iwe nzito, na ionekane wazi kwenye kumbukumbu, mfano ukiwa suala la mamlaka ya mahakama. Isiwe ya kuchimbuliwa kwa mabishano marefu. Kwa hiyo neno "peke yake" katika aya ya 8 linadai zaidi ya kinachopatikana kwa kuzisoma kesi hizo mbili pamoja. Wakili alilijua hilo, na ndiyo maana aliandika aya ya 9. Asiyetenganisha mistari miwili ya Lyamuya hawezi kuuona uhusiano huo.

Fortunatus Masha nayo inafundisha kitu. Kesi hiyo ilitofautisha kuchelewa halisi na kule kunakotokea mtu anapofungua rufaa kwa wakati, ikaondolewa kwa sababu ya kasoro, akalazimika kuanza upya. Mhakiki akifungua kiapo na kukuta kwamba mwombaji hakuwahi kufungua rufaa yoyote hapo awali, kesi inabaki sahihi lakini haimhusu. Jedwali haliamui suala hilo. Linaonyesha mahali pa kulitazama.

Kabla ya kulikabidhi, lihakiki kwa kurudi nyuma. Chukua kila mstari wa jedwali uende kwenye aya uliyoitaja, uone kama rejea ipo. Kisha hesabu alama ulizopiga kwenye hoja. Katika mfano wetu alama ni tano na mistari ni mitano. Idadi zisipolingana bila sababu unayoweza kuieleza, kuna rejea iliyodondoka. Angalia hasa tanbihi na kesi zilizomo ndani ya nukuu: wakili akinukuu uamuzi ambao wenyewe unataja kesi nyingine, iandike hiyo ya ndani na useme imefikiwa kupitia ipi, kwa sababu huenda wakili hakuisoma kabisa.

Kama una shauri mahakamani na wakili wako anaandaa hoja za maandishi, mwombe akuonyeshe jedwali hili kabla hajaziwasilisha. Si lazima uzijue kesi. Soma safu ya "imetajwa kwa hoja gani," halafu ulinganishe na yaliyokupata wewe na uliyoapa kwenye kiapo chako. Kesi ambayo wakili anashindwa kuijazia safu hiyo kwa sentensi moja inayoeleweka, mwambie aiondoe.