Tawi Lenye Sifuri

Kabla saketi haijachongwa kwenye chipu, mhandisi huiandika kwa lugha kama Verilog, kisha huiendesha kwenye kompyuta kwa kuiga kila mpigo wa saa. Majaribio yote yakipita bado kuna swali: ni sehemu gani za maandishi hayo ambazo hazikuguswa hata mara moja?

Chukua foleni ya data yenye nafasi 16. Upande mmja unaandika, mwingine unasoma. Ndani yake mna mstari huu:

```
if (wr && full) overflow <= 1'b1;
```

Yaani, anayeandika wakati foleni imejaa awashiwe alama ya hitilafu. Programu huria ya Verilator inaweza kuhesabu ni mara ngapi kila tawi limepitiwa:

```
verilator --binary --coverage --top-module tb fifo.sv tb.sv
./obj_dir/Vtb
verilator_coverage --annotate ripoti coverage.dat
```

Ripoti ni nakala ya maandishi yako yenye hesabu pembeni. Tawi letu linaonyesha `%000000`. Alama ya asilimia inakuonya kwamba hesabu iko chini ya kiwango kilichowekwa.

Wengi hukimbilia kurefusha jaribio. Tukague kwanza bahati nasibu yenyewe. Tuseme katika kila mpigo kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kuandika, na 1 kati ya 2 ya kusoma. Foleni ikiwa na kitu ndani, uwezekano wa kupungua ni mara tatu ya ule wa kuongezeka. Kwa hiyo kila hatua ya kupanda ni ngumu takriban mara tatu kuliko iliyotangulia, na ukikokotoa hadi nafasi ya 16 unapata wastani wa mipigo kama milioni 172 kabla foleni haijajaa. Ukibadilishana viwango hivyo, kuandika 1 kati ya 2 na kusoma 1 kati ya 4, wastani unashuka hadi mipigo kama 61. Saketi haikuguswa, kilichobadilika ni ishara tunazoiingizia. Mimi ningeweka awamu mbili katika jaribio lilelile, moja ya kujaza na moja ya kumaliza, ili tawi la foleni tupu nalo lifikiwe.

Matawi mengine hayafikiki kwa ishara yoyote. Mashine ya hali tatu iliyohifadhiwa kwa biti mbili hubakiwa na hali ya nne, na tawi la `default` linalosubiri hali hiyo litabaki sifuri daima. Hapo mhandisi huliondoa kwenye hesabu na kuandika sababu yake, ili mwenzake aweze kuipinga.

Halafu kuna sifuri iliyojificha ndani ya asilimia 100. Hesabu inathibitisha kwamba mstari ulipitiwa, basi. Kama jaribio letu halilinganishi data iliyotoka na iliyoingia, foleni inaweza kufuta neno la zamani kila inapojaa, `overflow` ikawaka vizuri, na ripoti isionyeshe kasoro yoyote.