Biashara ya Kuuza Kinga ya Hisa

Kila siku soko la opsheni la Chicago hutangaza namba iitwayo VIX. Namba hiyo hutokana na bei za opsheni za S&P 500, fahirisi inayokusanya hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, na hueleza soko linategemea bei ziyumbe kiasi gani katika siku 30 zijazo. Ikisoma 20, soko linategemea mtikisiko wa asilimia 20 kwa mwaka, sawa na asilimia 1 na robo hivi kwa siku. Siku 30 zikishapita, yeyote anaweza kurudi kupima bei ziliyumba kiasi gani hasa. Ukipima tangu 1990, utakuta VIX kwa wastani imekuwa kati ya 19 na 20, na mtikisiko uliotokea kweli umekuwa kama 15 au 16. Miaka zaidi ya 30 soko limekuwa likikisia juu ya kile kinachokuja kutokea, na bado halijaacha.

Pengo hilo ndiyo riziki ya muuza opsheni. Opsheni ziko za aina mbili, ila hapa inatutosha ile inayompa mnunuzi haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa leo, hata kama bei ya sokoni itaanguka chini yake. Nitaiita kinga, maana wengi huinunua kwa ajili hiyo. Mnunuzi analipa ada, muuzaji anaipokea papo hapo, na kama soko halikuanguka mpaka mkataba unapokwisha, ada yote ni ya muuzaji. Miezi mingi huwa hivyo.

Mtu anaweza kudhani wanunuzi ni wajinga wanaolipa kupita kiasi. Mimi sidhani, na sababu inaonekana ukilinganisha na bima ya moto. Nyumba ikiungua Mwanza, nyumba ya Morogoro haiungui kwa sababu hiyo, kwa hiyo kampuni yenye wateja wengi hulipa moto wa mmoja kwa ada za wengine. Soko la hisa likianguka, linaungua lote siku moja. Muuza kinga hudaiwa na wateja wake wote kwa pamoja, tena siku ileile ambayo hisa zake mwenyewe zimeshuka na wanaomkopesha wamefunga mikono. Hakuna anayekubali kazi hiyo kwa bei ya wastani wa hasara peke yake. Lazima aongezewe kitu. Mwaka 2009 watafiti Peter Carr na Liuren Wu walichapisha vipimo vinavyoelekea huko: malipo hayo ya ziada ni makubwa kwa opsheni za fahirisi nzima, lakini kwa hisa za kampuni mojamoja hayana mpangilio ulio wazi. Hatari inayolipiwa vizuri ni ile ya kuanguka kwa wote.

Sasa tuangalie kwa nini wastani mzuri unaishi pamoja na maangamizi. Chukua mfano. Fahirisi iko 1,000, na wewe unauza kinga ya mwezi mmoja yenye bei ya 900. Yaani mnunuzi ataanza kukudai tu fahirisi ikiwa chini ya 900, zaidi ya asilimia 10 kutoka ilipo. Soko likikadiria mtikisiko wa asilimia 25 kwa kinga ya mbali namna hiyo, fomula ya Black na Scholes inatoa ada ya dola 2 na senti 10 hivi. Si nyingi, ila inaonekana kama fedha ya bure.

Kesho yake fahirisi inaanguka asilimia 7 hadi 930. Bado iko juu ya 900. Mkataba ungeisha jioni hiyo, usingelipa hata senti. Lakini haujaisha, zimebaki wiki nne, umbali uliobaki ni mdogo, na hofu imepandisha mtikisiko unaokadiriwa hadi asilimia 40. Rudia hesabu ileile na kinga uliyoiuza kwa dola 2 inauzwa dola 28. Hasara yako kwenye daftari ni dola 26, ada za mwaka mzima, na mpaka hapo hakuna mteja aliyekudai chochote.

Anayeijua biashara hii vizuri huogopa kitu hicho hasa. Hasara haiongezeki kwa mwendo sawa na anguko. Fahirisi ikishuka asilimia 2, kinga inapanda kidogo. Ikishuka asilimia 7, inapanda mara 13. Mambo mawili yanasukumana: bei inakaribia ile ya mkataba, na papo hapo kila mtu anataka kinga. Wanaofanya biashara ya mtikisiko wenyewe, bila kujali fahirisi inakwenda wapi, mara nyingi hulipana kwa mraba wake. Mwezi wa kawaida soko lilikisia 20 na kukatokea 16: mraba wa 20 ni 400, wa 16 ni 256, faida 144. Mwishoni mwa Septemba 2008 VIX ilikuwa karibu 39, namba ambayo tayari ilitisha. Mtikisiko wa Oktoba ukafika karibu 80. Mraba wa 80 ni 6,400 na wa 39 ni 1,521, kwa hiyo mwezi mmoja ulikula faida ya miezi 30 na zaidi ya kawaida.

Hata hivyo, kupoteza ada za mwaka au za miaka mitatu si lazima kumfilisi mtu. Kinachofilisi ni idadi. Tuseme una dola 10,000. Ukiuza kinga 11 za mfano wetu, una fedha karibu zote za kuwalipa wateja hata fahirisi ikifika sifuri. Unapata dola 23 kwa mwezi, na siku ya anguko unapoteza dola 286, chini ya asilimia 3 ya mtaji. Hutafilisika, lakini pia hutajigamba popote kwa dola 23. Ukiuza kinga 100, unapata dola 210 kwa mwezi, zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka, na siku ile unapoteza dola 2,600. Inauma, ila unabaki. Dalali anayedai dhamana ndogo akikuruhusu uuze 400, mapato yanapita asilimia 8 kwa mwezi, watu wanakuletea fedha zao uwazungushie, kisha siku moja inakupeleka dola 10,400. Ulikuwa na 10,000.

Wote watatu wameuza kitu kilekile kwa bei ileile, na kwa miezi mingi wa tatu ndiye anayeonekana hodari.

Victor Niederhoffer hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa bingwa wa skwoshi wa Marekani, alifanya kazi na George Soros, na katikati ya miaka ya 1990 mfuko wake ulihesabiwa miongoni mwa yenye mafanikio makubwa. Mwaka 1997 aliumizwa kwanza na hisa za benki za Thailand, sarafu ya nchi hiyo ilipoporomoka kuanzia Julai. Kisha akawa ameuza kinga nyingi za S&P 500. Jumatatu ya Oktoba 27, msukosuko wa Asia ulipovuka bahari, fahirisi ya Dow ilianguka pointi 554, zaidi ya asilimia 7, na biashara ikasimamishwa kabla ya saa ya kufunga. S&P 500 ilishuka kutoka 941 hadi 877. Dalali alidai dhamana zaidi, Niederhoffer hakuwa nayo, na mikataba yake ikafungwa kwa bei za siku ile. Mfuko ukafa.

Jumanne soko lilirudi juu asilimia 5. Kufikia Novemba 21 fahirisi ilikuwa imepita pale ilipokuwa kabla ya Jumatatu ile. Mtu aliyeuza kinga za aina hiyo kwa kiasi anachoweza kukibeba angepokea ada yake yote na kuendelea. Niederhoffer alikuwa na maoni sahihi kuhusu soko, isipokuwa dalali huhesabu kila jioni wala hangoji tarehe ya mwisho wa mkataba. Mwaka 2007 mfuko wake mwingine, Matador, nao ulifungwa baada ya hasara kubwa.

Kuna jambo lingine linaloongeza ukali. Muuzaji aliyebanwa hana njia ya kutoka isipokuwa kununua tena kile alichouza, na wauzaji wenzake wanakimbilia mlango huohuo. Februari 5, 2018 S&P 500 ilishuka asilimia 4 tu, lakini VIX iliruka kutoka 17 hadi 37, zaidi ya mara mbili kwa siku moja. Benki ya Credit Suisse ilikuwa na bidhaa iliyoitwa XIV, yaani VIX iliyogeuzwa, ambayo hupanda VIX ikishuka. Thamani yake ilikuwa imezidi kuongezeka maradufu ndani ya 2017. Kanuni zake zilitaka inunue mikataba ya VIX mwisho wa siku kila inapopata hasara, na soko zima lilijua hivyo. Jioni ile ununuzi wenyewe ulisukuma bei juu zaidi, XIV ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake, na benki ikatangaza kuifunga. Vitabu vya wenye XIV vilikuwa safi kabisa hadi wiki moja kabla.

Ndiyo maana rekodi nzuri ya miaka mitatu ya muuza kinga hainipi habari nyingi. Mtu akikuletea mfuko wenye mapato ya asilimia 2 kila mwezi bila kuyumba, usimuulize wastani. Muulize ameuza mikataba ya thamani gani kwa kila dola ya mtaji, na afanye hesabu mbele yako: fahirisi ishuke asilimia 20 kwa siku, kama ilivyoshuka Oktoba 19, 1987, mtikisiko unaokadiriwa upande mara tatu, dhamana iongezwe. Kisha asome namba inayobaki. Asipokuwa na hesabu hiyo tayari, basi hajui anauza nini.

Wapo wanaoifanya kazi hii kwa utaratibu. Soko la Chicago lenyewe lina fahirisi iitwayo PUT, inayofuata mtu anayeuza kinga za S&P 500 kila mwezi akiwa na fedha taslimu za kuzilipa zote. Mwaka 2008 fahirisi hiyo ilishuka karibu asilimia 27, wakati aliyeshika hisa za S&P 500 zenyewe alipoteza 37. Ni hasara chungu, lakini mtu bado yupo mezani mwaka unaofuata, wakati ada ni nono kwa sababu kila mtu bado anatetemeka. Wengine huuza kinga ya 900 na hapohapo kununua ya 800, ili hasara iwe na sakafu. Sakafu hiyo ina bei yake, nayo ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu kinga za mbali ndizo zinazolipiwa hofu zaidi ya zote. Sehemu kubwa ya pato hukatwa hapo.