Ankara haionekana? Usikimbilie kufuta

Baadhi ya wafanyabiashara wanaovuka kati ya Kigoma na Bujumbura hutumia simu zilizowekwa Kifaransa. Kwenye Gmail, Boîte de réception ni kikasha cha barua zinazoingia, Brouillons ni rasimu, na Corbeille ni pipa la taka. Spam ni mahali zinapotupwa barua zinazoshukiwa. Barua zilizo Spam au Corbeille hufutika kabisa baada ya siku 30.

Tuseme muuzaji wa vitenge ametuma ankara nawe huioni. Utafutaji wa kawaida haupekui Spam wala Corbeille, kwa hiyo andika hivi, ukiongeza anwani yake:

```
in:anywhere from:
```

Amri hii hufanya kazi kwa lugha yoyote. Ikiwa ankara iko Spam, ifungue, hakikisha anwani ni ya muuzaji wako kweli, kisha gusa maneno yenye non-spam. Neno la kuogopa ni Supprimer, yaani futa.

Ukiikuta Corbeille na hukuifuta, huenda kuna kanuni inayozitupa barua zake. Kanuni hizo haziko kwenye programu ya simu. Fungua Gmail kwa kompyuta, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Filtres et adresses bloquées, uiondoe. Hapohapo tengeneza kanuni mpya yenye anwani ya muuzaji, ukiweka alama kwenye Ne jamais envoyer dans le dossier Spam. Ankara zijazo hazitatupwa tena Spam.